Siku 156 na likizo ya siku 28: kuomba uhamisho kwa ajili ya mgonjwa

Mtumishi wa umma Tanzania ana likizo ya mwaka ya siku 28. Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kazi kabisa husafishwa damu mara tatu kwa wiki, na kwa kuwa mwaka una wiki 52, siku zake za kulala kitandani mbele ya mashine ni 156. Kama mgonjwa huyo ni mumeo, na mashine iko mkoa mwingine, hata ukiiunganisha likizo yako yote na ruhusa zote za dharura ambazo mkuu wako atakuvumilia, hutafika mwezi wa tatu.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu ndiyo hoja yenyewe. Watu wengi wanaoandika barua ya kuomba uhamisho kwa sababu ya ugonjwa katika familia huandika juu ya uchungu walio nao. Uchungu ni wa kweli, na afisa anayeisoma barua mara nyingi anauamini. Lakini mezani kwake zimelala barua nyingine nyingi, kila moja na uchungu wake, na kinachompa nguvu ya kuipitisha moja na kuisogeza nyingine pembeni ni kitu anachoweza kukieleza kwa mkubwa wake: mgonjwa anatakiwa kuwa wapi, siku gani, kwa muda gani, na kwa nini kituo cha sasa cha mtumishi hakiruhusu.

Tumchukue mwalimu wa mfano, ambaye hali yake inafanana na ya wengi. Anafundisha shule ya msingi katika Wilaya ya Kiteto, kijiji kilicho nje ya Kibaya. Kiteto iko Mkoa wa Manyara, na makao makuu ya mkoa ni Babati, lakini mtu wa Kibaya akihitaji hospitali kubwa mara nyingi hushuka Kongwa na kwenda Dodoma. Mume wa mwalimu huyu ni mkulima. Alikuwa na shinikizo la damu kwa miaka, akawa anameza dawa akikumbuka na kuziacha akijisikia vizuri, mpaka alipoanza kuvimba miguu na kutapika asubuhi. Kibaya wakampa rufaa. Katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, vipimo vikaonesha kwamba figo zimefika hatua ya tano, ambayo ndiyo ya mwisho, akaanzishiwa dayalisisi.

Kikao kimoja cha kusafisha damu huchukua kama saa nne. Damu hutolewa kidogo kidogo, hupitishwa kwenye chujio, kisha hurudishwa mwilini ikiwa imepunguziwa uchafu na maji ya ziada ambayo figo zilipaswa kuyatoa. Mwanzoni mgonjwa huwekewa mpira kwenye mshipa mkubwa wa shingoni. Baadaye, kama ataendelea na huduma hiyo kwa muda mrefu, hufanyiwa upasuaji mdogo wa kuunganisha mishipa mkononi ili sindano zipate mahali imara pa kuingia. Akitoka kwenye kikao huwa amechoka, pengine kizunguzungu kinamshika au presha imeshuka, na si mtu wa kupandishwa basi la masafa marefu akiwa peke yake. Na kikao hakiahirishwi kama kliniki ya kawaida. Akikosa kimoja, maji hujaa mwilini na kupumua kunakuwa kwa shida. Madini ya potasiamu hupanda kwenye damu, na yakipanda sana moyo unaweza kusimama ghafla. Ndiyo maana familia haiwezi kusema, "Wiki hii mvua imeharibu barabara, tutakwenda wiki ijayo."

Familia ikapanga chumba Dodoma. Mume akakaa na mdogo wake, mwalimu akabaki Kiteto na watoto. Mdogo mtu akapata kibarua akaondoka, na mwalimu akaanza kwenda Dodoma kila Ijumaa jioni na kurudi Jumapili. Baadaye Jumapili ikawa Jumatatu, na Jumatatu ikawa Jumanne.

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Kanuni za utumishi wa umma zinasema kwamba kutokuwepo kazini zaidi ya siku 5 bila ruhusa ni kosa ambalo adhabu yake inaweza kuwa kufukuzwa kazi. Kwa walimu, nidhamu iko chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, na mashauri ya utoro ndiyo tume hiyo imekuwa ikiyataja tena na tena kuwa yanaongoza. Sidhani kwamba watoro wote ni wavivu. Baadhi yao ni watu waliokuwa wamekaa kando ya kitanda cha hospitali, wakidhani kwamba simu waliyompigia mwalimu mkuu inatosha kuwa ruhusa. Simu haiingii kwenye jalada, na shauri linapofika mbele ya tume jalada ndilo linalosomwa. Hata ruhusa ya siku mbili iombwe kwa barua, na nakala iliyogongwa muhuri ibaki mikononi mwako. Nakala hizo baadaye zitakuwa ushahidi wako mzuri katika maombi ya uhamisho, kwa sababu zinaonesha kwamba tatizo lina historia na kwamba ulilishughulikia kwa kufuata utaratibu.

Kuna njia nyingine ambayo watu huikimbilia, nayo ni likizo bila malipo. Kwa mwenye mgonjwa wa figo naiona ni ya hatari. Mtumishi wa umma huchangia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya asilimia 6 ya mshahara, nusu ikikatwa kwake na nusu ikitolewa na mwajiri, na kadi hiyo ndiyo inayobeba gharama za dayalisisi. Mshahara ukisimama, makato nayo husimama. Familia inakuwa imepata muda wa kumuuguza mgonjwa na kupoteza kinacholipia matibabu.

Basi linabaki suala la uhamisho. Ila kabla ya kuandika lolote, mwalimu wetu alipaswa kujiuliza kama ugonjwa alio nao nyumbani kwake kweli ni wa kuhamia, kwa sababu si kila ugonjwa mrefu unadai mtumishi ahame. Mama mwenye saratani anayepelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road kwa mionzi hupigwa mionzi hiyo siku tano kwa wiki, na tiba huweza kuendelea mpaka kwenye wiki ya sita au ya saba. Ni ratiba ngumu kuliko ya figo wakati inapoendelea, lakini ina mwisho. Anayeomba kuhamia Dar es Salaam kwa sababu hiyo huenda kibali kikamfikia mama akiwa amesharudi kijijini. Huyo anahitaji likizo yake ya mwaka ipangwe mapema iangukie wiki hizo, au ndugu wapokezane. Vilevile mgonjwa wa shinikizo la damu au kisukari anayeonwa kliniki kila baada ya miezi mitatu hana hoja nzito ya kumhamisha mtu, hata kama barua itaeleza kwa maneno makali kiasi gani.

Mtoto mwenye sikoseli yuko mahali pengine kabisa. Kliniki zake zinaweza kuwa za nafasi, lakini maumivu humshika bila kutoa taarifa, na homa kwa mtoto huyo ni dharura, na pengine damu ya kuongezwa inahitajika usiku huo huo. Hapo hoja haijengwi juu ya ratiba. Inajengwa juu ya umbali wa kufika kwenye huduma ya dharura, na ushahidi wake ni kadi zinazoonesha mara ambazo mtoto amelazwa ndani ya mwaka, tarehe baada ya tarehe.

Taarifa ya daktari

Mwalimu wetu anayo hoja ya ratiba, na ratiba lazima iandikwe na mwenye mamlaka ya kuiandika. Taarifa nyingi za daktari zinazoambatishwa kwenye maombi ni mistari miwili: mgonjwa anatibiwa hapa, anahudhuria kliniki mara kwa mara, apewe ushirikiano. Afisa utumishi akiisoma hawezi kujua kama "mara kwa mara" ni mara tatu kwa wiki au mara tatu kwa mwaka. Daktari hajakosea. Ameombwa barua bila kuambiwa ni ya nini, ana foleni mlangoni, ameandika anachoandika siku zote.

Kwa hiyo mweleze daktari kwamba barua inakwenda kwa mwajiri kwa ajili ya uhamisho, na umwombe aandike mambo ambayo mwajiri atayatafuta. Jina la mgonjwa liwe kama lilivyo kwenye kadi ya bima na kitambulisho cha taifa, kwa sababu jina la tatu likitofautiana tu, mtu anayekagua ana haki ya kuuliza kama ni mtu yule yule. Ugonjwa na hatua yake vielezwe kwa maneno ambayo asiye daktari atayaelewa. Iandikwe alianza lini matibabu, anahitajika siku zipi, kila kikao ni saa ngapi, na kwamba huduma hiyo ni ya kuendelea na haina tarehe ya kuisha. Iandikwe pia kwamba anahitaji mtu wa kumsindikiza na kwa nini. Chini kuwe na jina la daktari, namba yake ya usajili, sahihi, tarehe ya karibuni na muhuri wa hospitali. Taarifa ya mwaka juzi haimsaidii mtu, hata kama ugonjwa ni ule ule.

Kuna swali moja ambalo afisa makini ataliuliza na waombaji wengi hawajajiandaa nalo: je, huduma hii haipatikani karibu zaidi? Swali hili lina uzito kuliko zamani. Upandikizaji wa figo wa kwanza nchini ulifanyika Muhimbili mwezi Novemba 2017, na mwaka uliofuata Benjamin Mkapa nayo ikaanza. Mashine za dayalisisi nazo zimeenea kwenye hospitali za kanda na za mikoa mingi. Mtu wa Mbeya anayeomba kuhamia Dar es Salaam kwa ajili ya dayalisisi ataulizwa ana sababu gani ya kuipita Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Kama sababu ipo, mathalani daktari anamwandaa mgonjwa kupandikizwa figo, iandikwe na daktari mwenyewe. Mwalimu wetu wa Kiteto alipaswa kulijibu swali hili kabla halijaulizwa, kwa kumwomba daktari aongeze sentensi moja inayosema kwamba kwa mgonjwa anayetokea Kiteto, Dodoma ndiko inakopatikana huduma anayoweza kuifikia kwa wakati.

Kuhusu siri ya mgonjwa, watu wengine husita kuambatisha taarifa kwa sababu ugonjwa ni wa aina ambayo hawataki upite mikononi mwa mwalimu mkuu, afisa elimu kata na makarani watatu. Wana haki ya kusita. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Daktari anaweza kuandika kwamba mgonjwa ana maradhi ya kudumu, akaeleza ratiba na haja ya msindikizaji bila kutaja jina la ugonjwa, na kuongeza kwamba ufafanuzi utatolewa kwa mamlaka ya uhamisho ikiuhitaji. Kinachompa mwajiri nguvu ya kuamua ni ratiba, na hiyo haina aibu yoyote.

Baada ya taarifa ya daktari unakuja uthibitisho kwamba mgonjwa ni wako. Kwa mume au mke ni cheti cha ndoa, kwa mtoto ni cheti cha kuzaliwa. Kadi ya bima inasaidia sana hapa. Mwanachama huandikisha mwenza na wategemezi wasiozidi wanne, na jina likiwa kwenye orodha hiyo uhusiano tayari umetambuliwa na chombo cha serikali. Shangazi aliyekulea, ambaye hayumo kwenye kadi wala kwenye fomu zako za taarifa binafsi, ni mzigo wako wa kweli. Lakini kwenye jalada haonekani, na itabidi maelezo yako yafanye kazi ngumu zaidi.

Kuomba wapi, na kwa nani

Kosa kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kuomba kuhamia mahali hospitali ilipo. Hospitali ya Benjamin Mkapa iko Jiji la Dodoma, kwa hiyo wazo la kwanza ni kuandika "Halmashauri ya Jiji la Dodoma". Kila mwalimu anayemfuata mwenza aliyehamia na wizara, kila anayetaka kusoma chuo kikuu jioni, na kila aliyechoka na kijiji anaandika hivyo hivyo. Kila halmashauri ina ikama, yaani idadi ya watumishi wa kila kada inaowahitaji na iliyotengewa mishahara, na shule za mijini ndizo zenye walimu wa kutosha au kuzidi. Ombi la kutoka shule ya kijijini yenye walimu wachache kwenda mjini kwenye walimu tele linamtaka mkurugenzi wa Kiteto akubali hasara, na mkurugenzi wa Dodoma apokee mtu asiyemhitaji.

Ukitazama ramani utaona kwamba jiji limezungukwa na halmashauri za Chamwino na Bahi. Barabara ya lami ya kwenda Dar es Salaam inapita Buigiri na Chamwino. Ile ya kwenda Singida inapita Kigwe na Bahi. Mwalimu aliyepangiwa shule iliyo kando ya barabara hizo anaweza kuishi na mgonjwa wake pale, akampeleka hospitali asubuhi na kurudi naye siku hiyo hiyo. Halmashauri hizi zina shule za vijijini zenye uhaba, kwa hiyo mkurugenzi wake ana sababu ya kumtaka mwalimu wa Hisabati na Sayansi. Ombi linaloandika "Chamwino au Bahi" lina njia mbili za kukubaliwa, na linaonesha kwamba mwombaji anafuata mashine, hafuati mji.

Anayeamua anategemea mpaka unaovukwa. Kuhama shule ndani ya halmashauri moja ni kazi ya mkurugenzi. Kutoka halmashauri moja hadi nyingine ndani ya mkoa mmoja huishia kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Kuvuka mkoa, kama mwalimu wetu anayetoka Manyara kwenda Dodoma, humfikisha mtu kwa Katibu Mkuu wa Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, yaani TAMISEMI. Maombi siku hizi huingizwa kwenye mfumo wa ESS, ule ambao mtumishi huufungua kwa taarifa zake za ajira. Huko mtu huchagua mwajiri anayemtaka, hueleza sababu, hupakia viambatisho na kufuatilia ombi limefika hatua gani. Hilo limepunguza safari za kwenda Dodoma kuulizia barua. Lakini mfumo hausomi moyo wa mtu. Ombi bado litapita kwa mkuu wako wa sasa atoe maoni, na kwa mwajiri mpya aseme kama ana nafasi. Mtu anayemshitukizia mwalimu mkuu kwenye mfumo, bila kwenda kumweleza ana kwa ana kwamba "Mwalimu, hali nyumbani iko hivi", asishangae ombi likikaa.

Maelezo yenyewe hayahitaji kurasa. Nimeona barua zinazoanza na kumshukuru Mungu, zikaeleza utoto wa mwombaji, na kuufikia ugonjwa ukurasa wa pili. Mwalimu wetu angetosheka na haya:

"Mume wangu ana ugonjwa wa figo hatua ya mwisho, na tangu Februari anasafishwa damu katika Hospitali ya Benjamin Mkapa kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kama taarifa ya daktari iliyoambatishwa inavyoonesha. Huduma hii ni ya kudumu na anahitaji msindikizaji. Yeye ni mtegemezi kwenye kadi yangu ya bima. Kutoka kituo changu cha kazi hadi hospitali, kwenda na kurudi haiwezekani kwa siku moja pamoja na kikao. Naomba kuhamia Halmashauri ya Wilaya ya Chamwino au ya Bahi, katika shule iliyo karibu na barabara kuu. Nafundisha Hisabati na Sayansi darasa la tano hadi la saba. Naelewa kwamba uhamisho huu ni kwa maombi yangu binafsi na gharama zake nitazibeba mwenyewe."

Sentensi ya mwisho haikuwekwa kwa adabu tu. Mtumishi anayehamishwa na mwajiri kwa sababu za kikazi hulipwa nauli, usafirishaji wa mizigo na posho za kuanzia maisha. Anayehama kwa maombi yake halipwi. Ukiandika wazi kwamba unalijua hilo, unamwondolea mkurugenzi hofu kwamba utageuka mdai wa halmashauri mwaka kesho. Na ujipange kweli, kwa sababu lori la mizigo, kodi ya miezi kadhaa na sare mpya za watoto huja kwa mkupuo mmoja, wakati ambapo fedha tayari zinakwisha kwa mgonjwa.

Siku za wiki nazo nimezitaja kwa makusudi. Vituo vya dayalisisi kwa kawaida huwa na makundi mawili, la Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na la Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Kundi la pili linagusa siku mbili tu za kazi. Mwalimu aliyezungumza na wauguzi mapema mume wake akaingizwa kundi hilo, ikiwezekana zamu ya mchana, anaweza kumwonesha mwajiri mpya ratiba ya vipindi ambavyo hatavikosa. Familia zisizojua hupokea kundi lolote wanalopewa, na nafasi ikishajaa kubadilisha ni vigumu.

Kinachokwamisha

Ombi zuri linaweza kukataliwa kwa sababu moja tu: shule anayotoka itabaki bila mtu. Mwalimu wa kike pekee katika shule ya kijijini, au pekee anayefundisha somo fulani, haachiwi kirahisi, na siwezi kumlaumu mwalimu mkuu anayeandika "aachiwe akipatikana mbadala". Njia ya kulivuka hilo ni kubadilishana kituo. Unamtafuta mwalimu wa kada na daraja linalolingana na lako aliye Chamwino au Bahi ambaye kwa sababu zake anataka Kiteto, labda wazazi wake wako Kibaya au ana shamba huko, mkaomba kwa pamoja. Halmashauri zote mbili zinabaki na idadi ile ile. Walimu huulizana katika semina, kwenye usahihishaji wa mitihani na kwa waliosoma nao chuo. Hakikisheni kwamba mwenzako naye ametoa ombi lake kwa maandishi, maana kubadilishana kwa maneno huvunjika siku mmoja akibadili mawazo na mwingine ameshapanga nyumba.

Muda kazini pia unahesabiwa. Mwajiriwa mpya kwa kawaida hutarajiwa akae kituo cha kwanza miaka mitatu kabla ya kuomba kuhama. Ugonjwa unaweza kuwa sababu ya kuangaliwa kipekee, lakini asiyethibitishwa kazini aanze na kuthibitishwa, kwa kuwa bila hilo jalada lake halina miguu.

Halafu kuna vishoka. Hunusa shida haraka. Mtu hupiga simu, anajitambulisha kuwa yuko TAMISEMI, anajua jina lako, shule yako na hata ugonjwa wa mumeo kwa sababu ulivieleza kwenye kundi la walimu, na anataka fedha ili "kuisukuma barua". Uhamisho hauna ada. Hakuna afisa wa kweli anayepokea malipo kwa simu ya mtu binafsi, na kibali kinachopatikana kwa njia hiyo, hata kikiwa na muhuri, huja kugundulika wakati wa kuhamisha mshahara, mtumishi akiwa ameshaacha kituo cha zamani. Hapo anahesabiwa mtoro kule alikotoka na mgeni kule alikokwenda. Kwa sababu hiyo hiyo hata mwenye kibali halali asiondoke kabla ya kupewa barua ya kuachiwa na mwajiri wake na kuwaachia wenzake kazi kwa maandishi. Likizo za Juni na Desemba ndizo wakati mwepesi, kwa kuwa mkuu wa shule anaweza kupanga vipindi upya bila watoto kukaa wakisubiri.

Sasa chukulia kibali kimetoka: Halmashauri ya Wilaya ya Chamwino. Familia inashangilia, na safari haijaisha. Chamwino ni wilaya pana, na kibali cha TAMISEMI hutaja halmashauri tu. Shule hupangwa na mkurugenzi. Mwalimu anayeripoti na barua ya uhamisho peke yake anaweza kupangiwa Mpwayungu au kijiji kingine cha mbali na lami kwa sababu huko ndiko kwenye uhaba, na afisa elimu aliyempanga hajui habari za figo, kwa kuwa viambatisho vilibaki kwenye ofisi nyingine. Hili linanisikitisha kuliko yote, kwa sababu ofisi tatu zimeshafanya kazi nzuri na kazi hiyo inapotea kwenye dawati la nne. Naamini kibali kinachotolewa kwa sababu ya matibabu kingepaswa kuitaja hospitali kwenye barua yenyewe, ili anayempangia mtumishi kituo aione. Mpaka hilo litokee, mwombaji aende kuripoti na nakala kamili ya maombi, taarifa ya daktari ikiwa juu, amwone afisa elimu kabla barua ya kupangiwa shule haijachapwa, na aende akiwa na majina ya shule mbili tatu zilizo kando ya barabara ambazo ameshaulizia kama zina upungufu.

Na ombi likikataliwa, usiandike barua ile ile kwa maneno makali zaidi. Uliza kwa maandishi sababu ya kukataliwa. Kama ni ikama, badilisha halmashauri au tafuta wa kubadilishana naye. Kama ni ushahidi, rudi kwa daktari. Kama ni mbadala, subiri ajira mpya zinapopangwa na uombe tena mara shule yako inapopata mwalimu. Ombi la pili litaje kumbukumbu namba na tarehe ya la kwanza, lieleze nini kimebadilika tangu hapo, na liwe na taarifa mpya ya daktari yenye ratiba ya miezi ya karibuni.